Upinde wa Lorenz na Namba ya Gini: Nani Anapata Kiasi Gani?

Kwenye orodha za Benki ya Dunia zinazopanga nchi kwa ukubwa wa pengo kati ya walio nacho na wasio nacho, Afrika Kusini ilikaa kileleni kwa miaka mingi ikiwa na namba 63, iliyotokana na utafiti wa 2014. Tanzania, kwa takwimu za 2018, ina 40.5. Msomaji wa gazeti huambiwa kwamba namba kubwa ni mbaya na ndogo ni nzuri, kisha habari inahamia kwenye michezo. Ni nadra kuelezwa kwamba hiyo 63 ni 63 ya kitu gani, imepimwaje, na kwa nini nchi hiyohiyo, kwa utafiti uleule, inaweza kupewa namba mbili tofauti na taasisi mbili zinazoheshimika.

Namba hiyo huitwa kipimo cha Gini. Nyuma yake kuna mchoro mmoja ambao mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kuuchora kwa penseli na rula.

Tuchukue kituo kimoja cha daladala na watu watano wanaojipatia riziki hapo. Msaidizi wa mama lishe, anayeosha vyombo na kumenya viazi, anapata shilingi 100,000 kwa mwezi. Mpiga debe anapata 200,000. Dereva wa bodaboda, akishatoa hesabu ya tajiri na mafuta, anabaki na 300,000. Mama lishe mwenyewe anaondoka na 400,000. Mwenye duka la jumla, lililo mkabala na kituo, anapata 1,000,000. Jumla ya kipato cha watu hao ni shilingi 2,000,000, na wastani wao ni 400,000 kwa kila mmoja. Wastani huo hausemi chochote kuhusu muosha vyombo. Wanne kati ya watano hawauzidi, na aliyeupandisha ni mmoja.

Ili kuuchora mgawanyo huo, hatua ya kwanza ni kuwapanga watu kuanzia wa chini hadi wa juu. Hatua ya pili ni kujumlisha mafungu yao mmoja baada ya mwingine. Muosha vyombo peke yake ana asilimia 5 ya fedha zote. Yeye pamoja na mpiga debe wana asilimia 15. Ukimwongeza bodaboda wanafika 30, na ukimwongeza mama lishe wanafika 50. Mwenye duka akiingia, inatimia 100.

Sasa chora mraba. Upande wa chini, kutoka kushoto kwenda kulia, andika asilimia ya watu: 20, 40, 60, 80, 100. Upande wa kusimama andika asilimia ya fedha. Weka nukta pale ambapo asilimia 20 ya watu inakutana na asilimia 5 ya fedha, nyingine pale 40 inapokutana na 15, kisha 60 na 30, 80 na 50, na ya mwisho kwenye kona ya juu kulia, 100 kwa 100. Ukiziunganisha nukta hizo kuanzia kona ya chini kushoto, unapata mstari uliobonyea kuelekea chini. Huo ndio mchoro wa Lorenz.

Pembeni yake chora mstari mwingine ulionyooka kutoka kona hadi kona. Huu unaonyesha kituo ambacho kila mtu angepata shilingi 400,000 sawasawa: asilimia 20 ya watu wangekuwa na asilimia 20 ya fedha, 40 wangekuwa na 40, na kuendelea hivyo. Hakuna nchi inayokaa juu ya mstari huo. Kazi yake ni kuwa kipimo cha kulinganishia.

Aliyebuni mchoro huu alikuwa Mmarekani Max Otto Lorenz. Mwaka 1905, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha makala fupi akilalamikia namna wachumi wa wakati wake walivyopima utajiri. Walizoea kuhesabu ni watu wangapi wanaozidi kiwango fulani cha fedha. Nchi nzima ikitajirika, wengi huvuka kiwango hicho hata kama mgawanyo wenyewe haujabadilika, na hesabu inapotosha. Lorenz aliamua kuacha kabisa kutumia viwango vya fedha na kubaki na asilimia za pande zote mbili. Alitoa pia kanuni ya kuusoma mchoro wake kwa mfano wa upinde: mstari ulionyooka ni kama kamba yake, na kadiri mti wa upinde unavyopindika mbali na kamba, ndivyo mali ilivyorundikana kwa wachache. Katika karatasi yake ya kwanza aliweka watu kwenye upande wa kusimama na fedha kwenye upande wa chini, kinyume na tulivyozoea leo, kwa hiyo upinde wake ulikuwa umetunia juu.

Macho yanaweza kuona kwamba upinde mmoja umepinda kuliko mwingine, lakini hayawezi kupanga nchi mia moja. Hapo ndipo alipoingia Corrado Gini, mwanatakwimu wa Kiitaliano. Kazi yake ya mwaka 1912 ilipima tofauti kati ya watu, na mwaka 1914 akaonyesha uhusiano wa kipimo chake na eneo lililo kati ya kamba na upinde.

Kwa kituo chetu, hesabu yake inafanyika hivi. Chukulia mraba mzima una vyumba vidogo 100 kwa 100, yaani 10,000. Kamba inaugawa nusu kwa nusu, kwa hiyo chini yake kuna vyumba 5,000. Kisha tafuta eneo lililo chini ya upinde kwa kulikata katika vipande vitano, kila kimoja kikiwa na upana wa 20. Urefu wa kila kipande ni wastani wa pale kinapoanzia na pale kinapoishia: cha kwanza kinaanza 0 na kuishia 5, kwa hiyo ni 2.5, cha pili, kati ya 5 na 15, ni 10, vinavyofuata ni 22.5, 40 na 75. Jumla ya urefu huo ni 150. Zidisha kwa 20, unapata 3,000. Kati ya kamba na upinde basi kuna vyumba 5,000 kutoa 3,000, yaani 2,000. Gawa 2,000 kwa 5,000. Jibu ni 0.40.

Hiyo ndiyo Gini ya kituo. Wengine huiandika kama 0.40, wengine huizidisha kwa 100 na kuandika 40, na maana ni moja. Sifuri ni usawa kamili. Moja, au 100, ni taifa ambalo mtu mmoja amechukua kila kitu na mamilioni waliobaki hawana hata senti.

Kuna njia ya pili ya kufika kwenye jibu lilelile, nayo inaifanya namba iongee lugha ya kawaida. Chukua kila jozi ya watu pale kituoni na uangalie wamepishana kwa shilingi ngapi. Muosha vyombo na mpiga debe wamepishana 100,000. Muosha vyombo na mwenye duka, 900,000. Jozi zote zilizopo ni 10, na tofauti zao zikijumlishwa zinafika 4,000,000. Gini alichukua wastani wa tofauti hizo, akihesabu kila jozi kutoka pande zote mbili na kila mtu na nafsi yake pia, ambapo tofauti ni sifuri. Hapo zinakuwa hesabu 25 zenye jumla ya 8,000,000, na wastani wake ni 320,000. Akagawa kwa mara mbili ya kipato cha wastani, yaani 800,000. Jibu linarudi palepale: 0.40. Kwa maneno mengine, watu wawili wakiokotwa kwa bahati nasibu katika mgawanyo wenye Gini ya 0.40, kwa wastani watapishana kwa asilimia 80 ya kipato cha wastani.

Mtu mwenyewe aliyetuachia kipimo hiki hakuwa mtetezi wa wanyonge. Mwaka 1926 Gini alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi kuu ya takwimu ya Italia chini ya utawala wa Mussolini, na mwaka uliofuata aliandika makala ya kuutafutia ufashisti misingi ya kisayansi. Leo namba yake hutumiwa zaidi na wanaodai usawa.

Tuhamie Afrika Kusini. Takwimu za 2014 zilizopo Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba asilimia 20 ya watu wa chini kabisa walipata asilimia 2.4 ya matumizi yote ya nchi. Kundi la pili la asilimia 20 lilipata 4.8, la tatu 8.2, la nne 16.5. Kundi la juu lilibaki na zaidi ya asilimia 68. Ukiziweka kwenye mchoro, upinde unatambaa karibu na sakafu: watu wanane kati ya kumi wote kwa pamoja hawafikii hata theluthi moja. Ndipo katika hatua ya mwisho mstari unaruka kwenda juu karibu wima.

Ukipiga hesabu ya vipande vitano kama tulivyofanya kituoni, Gini ya Afrika Kusini inatoka 0.57. Namba rasmi ni 0.63, na tofauti hiyo haitokani na makosa ya kujumlisha. Tulipoweka asilimia 20 ya juu katika fungu moja, tulichukulia kwamba wote waliomo wanalingana, ilhali mwalimu mkuu wa shule na mmiliki wa mgodi wanaweza kuwa ndani ya fungu hilohilo. Asilimia 10 ya juu peke yao walikuwa na takriban nusu ya matumizi yote ya nchi. Mafungu mapana huficha tofauti zilizo ndani yake, na Gini inayopigwa kutokana nayo hutoka ndogo kuliko ile halisi. Ukikuta jedwali lenye mafungu matano tu, jua kwamba namba utakayoitoa humo ni kiwango cha chini.

Tanzania upinde wake ni mpole zaidi. Mwaka 2018 asilimia 10 ya juu walikuwa na karibu theluthi moja ya matumizi yote, na asilimia 10 ya chini walikuwa na 2.9. Kule Afrika Kusini asilimia 10 ya chini walikuwa na 0.9 tu.

Ila neno "matumizi" lisipite hivihivi. Wadadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wanapopita kwenye kaya kwa ajili ya Utafiti wa Mapato na Matumizi, namba ya Gini inayotoka huko haijengwi kwa mishahara. Inajengwa kwa kilichotumika: unga, mafuta ya taa, nauli, ada, pamoja na mahindi na mihogo ya shamba la familia ambayo hutiwa thamani ya fedha ingawa hakuna aliyeinunua. Sababu inaeleweka. Mkulima hana hati ya mshahara, na mchuuzi hajui leo atapata nini, lakini wote wawili wanakumbuka walichokula. Tatizo ni kwamba matumizi hulingana zaidi kuliko mapato. Mwenye shilingi milioni 10 hali chakula mara mia ya mwenye 100,000; sehemu kubwa ya fedha zake huenda benki, kwenye viwanja au kwenye biashara. Kwa hiyo Gini ya matumizi kwa kawaida huwa ndogo kuliko Gini ya mapato ya watu walewale. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini hupima mapato, na nchi nyingi za Afrika hupima matumizi. Anayeziweka kwenye orodha moja na kusema hii imeishinda ile anapima moja kwa kilo na nyingine kwa pishi.

Hata baada ya kukubaliana kupima mapato, swali lingine linabaki: mapato kabla au baada ya mkono wa serikali? Uchambuzi wa Benki ya Dunia uliotolewa 2014 ulifuatilia kodi na huduma za umma za Afrika Kusini. Kwa mapato ambayo watu walijipatia wenyewe sokoni, Gini ilikuwa takriban 0.77. Baada ya kodi, ruzuku za wazee na watoto, na thamani ya elimu na afya inayotolewa na serikali, ilishuka hadi karibu 0.60. Namba zote mbili ni za nchi moja, na kila moja ni ya kweli kwa swali lake.

Tanzania inayo jozi yake. Utafiti wa 2017/18 uliipa Tanzania Bara Gini ya 0.38 kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ilhali Benki ya Dunia imeandika 40.5. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwenye namna ya kugawa matumizi ya kaya kwa wanakaya. Hesabu ya kitaifa humhesabu mtoto mchanga kama sehemu tu ya mtu mzima, kwa kuwa anakula kidogo. Benki ya Dunia hugawa kwa vichwa, na mtoto ni kichwa kizima. Kaya maskini aghalabu zina watoto wengi, hivyo kugawa kwa vichwa huzishusha zaidi na kuupindisha upinde.

Halafu kuna wale ambao wadadisi hawawafikii. Kwenye nyumba ya kupanga mlango uko wazi. Kwenye nyumba yenye geti, mlinzi anasema bosi hayupo, na akiwepo hana muda wa maswali marefu ya matumizi. Turudi kwenye mfano wetu tuone gharama yake. Mwenye duka la jumla akitaja shilingi 500,000 badala ya 1,000,000, na wengine wote wakasema kweli, Gini inashuka kutoka 0.40 hadi takriban 0.27. Kwenye karatasi kituo kimekuwa na usawa wa kupigiwa mfano, na hakuna aliyeongezewa hata shilingi moja.

Kuna pia jambo ambalo kipimo hiki hakikukusudiwa kulisema kabisa, nalo ni umaskini. Kila mtu pale kituoni akiongezewa kipato mara mbili, asilimia zote zinabaki zilivyokuwa na Gini inabaki 0.40, ingawa muosha vyombo sasa ana 200,000 na pengo lake na mwenye duka limepanuka kutoka 900,000 hadi 1,800,000. Yaliyotokea Tanzania Bara yanafanana na hayo kwa kiasi fulani. Kati ya 2011/12 na 2017/18, watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walipungua kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Katika kipindi hichohicho, Gini ya Benki ya Dunia ilipanda kutoka 37.8 hadi 40.5. Aliyesema maisha yameboreka kidogo alikuwa na ushahidi, na aliyesema pengo limekua alikuwa na wake.

Udhaifu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, umo ndani ya namba yenyewe. Fikiria vituo vingine viwili, navyo vyenye watu watano na shilingi 2,000,000. Katika kituo cha pili watu wanne wanapata 200,000 kila mmoja, na wa tano anachukua 1,200,000. Katika kituo cha tatu mtu wa kwanza hana kitu kabisa, na wanaofuata wana 200,000, 400,000, 600,000 na 800,000. Ukipiga hesabu, vyote viwili vina Gini ya 0.40, sawa na kile cha kwanza.

Hakuna anayeweza kusema kwamba vituo hivyo vitatu vina shida moja. Katika cha pili tatizo liko juu, kwa mmoja aliyewaacha wenzake mbali, na mtu angefikiria kodi. Katika cha tatu tatizo liko chini, kwa mmoja aliyetupwa nje, na mtu angefikiria ruzuku, matibabu au kazi ya dharura. Mchoro unaionyesha tofauti hiyo papo hapo. Upinde wa kituo cha pili unapanda taratibu kwa mstari mmoja hadi asilimia 80 ya watu, kisha unaruka. Wa kituo cha tatu unalala sakafuni mwanzoni, kisha unainuka mapema. Mistari hiyo miwili inakatana njiani, na pindi zinapokatana, Gini peke yake haiwezi kuamua ni mgawanyo upi ulio mbaya zaidi. Zisipokatana, na mmoja ukawa juu ya mwingine mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo namba na mchoro husema jambo moja.

Kwa hiyo mwandishi wa habari, diwani au mbunge anayetaja Gini anapaswa kuulizwa mambo matatu: ni ya mapato au ya matumizi, imegawanywa kwa vichwa au kwa kulinganisha na mtu mzima, na asilimia 10 ya chini na asilimia 10 ya juu wana mafungu gani. Swali la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, ingawa jibu lake halina siri. Benki ya Dunia huchapisha mafungu hayo kwenye majedwali yaleyale inamotolea Gini, na yeyote anayeinakili 40.5 anaweza kuyanakili pia. Wahariri wayachapishe yote pamoja, ili msomaji ajichoree mwenyewe.